Shajara ya mradi: kutoa Krismasi kwenye matangazo ya sufuria, Arua

Duka linauza vyombo vya kupikia. Wateja wengi tunaongea nao Kiswahili, maana wanatoka Arua mjini, wengine wanavuka kutoka Aru na Ariwara upande wa Kongo, wengine ni madereva wa barabara ya Sudan Kusini. Novemba iliyopita tuliandika kampeni ya sikukuu kwa ajili ya seti ya sufuria tatu: esemesi, ukurasa wa tovuti, tangazo la redio, bango la mlangoni, stika za mifuko. Ilifanya kazi. Sasa Hajati, mwenye duka, hataki kulipia maandishi mapya kila baada ya miezi miwili. Anataka haya haya yageuzwe yawe ya mwaka mzima. Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili mwenye duka kama letu aweze kufuata.

6 Januari 2025: Kukusanya na kutafuta

Nimeweka kila kitu kilichoandikwa kwenye folda moja: esemesi zote, maandishi ya ukurasa pamoja na `html` yake, karatasi ya mtangazaji wa redio, majibu ya moja kwa moja ya WhatsApp. Halafu nikatafuta maneno ya msimu kwa amri moja:

```
grep -rniE "krismas|sikukuu|desemba|mwaka mpya|mwaka huu|2024" matangazo/
```

Ikaleta mistari mingi, nayo ikasafishwa kabla ya chakula cha mchana. Kilichonisumbua ni ile ambayo haikuletwa. Esemesi ya wateja wa Ariwara ilisema Noeli na Bonane, kama wanavyosema wao, na amri yangu haikuwa na neno hata moja kati ya hayo. Tarehe ya mwisho wa ofa iliandikwa "31 Des." kwenye esemesi na "31/12" kwenye bango. Na kiungo cha WhatsApp kilichoko kwenye ukurasa kilikuwa kimebeba ujumbe tayari, ule unaojiandika kwenye simu ya mteja akibofya:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Nataka%20ofa%20ya%20Mwaka%20Mpya
```

Ndani ya kiungo nafasi kati ya maneno huwa `%20`, kwa hiyo anayetafuta "mwaka mpya" kwa nafasi ya kawaida hataiona kamwe. Hili lingekaa hadi Juni: mteja abofye, simu yake imwandikie kwamba anataka ofa ya Mwaka Mpya, na dada wa kaunta abaki kujieleza. Amri iliyorekebishwa ni hii:

```
grep -rniE "krismas|xmas|noel|bonan|siku ?kuu|\bdes(emba)?\b|/12\b|mwaka( |%20|\+)(mpya|huu)|2024" matangazo/
```

Mambo mawili haiyafikii. Majina ya mafaili, kwa sababu `grep` husoma yaliyomo tu. Hayo nimeyapata kwa `find matangazo -iname "*kris*"`, na picha kuu ya ukurasa ikaonekana inaitwa `krismasi_2024.jpg`. La pili ni maandishi yaliyochorwa ndani ya picha. Hayo yanahitaji macho, picha moja baada ya nyingine. Picha yetu kuu ilikuwa na utepe wa kumetameta kwenye ukingo wa meza, umbo dogo tu, lakini ukiuona mwezi wa tano unajua duka limelala. Tumepiga picha nyingine kwa simu, mchana, mbele ya duka. Gharama: hakuna.

Si kila kinachopatikana kifutwe. "Dhamana ya mwaka mmoja" ina neno mwaka na inabaki. "Sherehe" nimeliacha nje ya amri kwa makusudi, maana watu wanaoa mwaka mzima.

9 Januari: Esemesi, jaribio la kwanza

Hii ndiyo esemesi ya Desemba, neno kwa neno:

> 🎄Heri ya Krismasi! Wageni wako njiani, sufuria je? Seti ya sufuria 3 sasa 145,000/= badala ya 170,000/= mpaka 31 Des. Njoo dukani Arua.

Njia rahisi ni kufuta. Ukitoa mti, salamu, bei ya zamani na tarehe, unabaki na hii:

> Wageni wako njiani, sufuria je? Seti ya sufuria 3 sasa 145,000/=. Njoo dukani Arua.

Hakuna neno la msimu hapo, na bado ni tangazo la Krismasi. Wageni gani wako njiani? Desemba kila mtu alijua: watoto waliokuwa Kampala wanarudi nyumbani, shangazi anakuja na wajukuu, lazima kuwe na chungu cha kuwatosha. Sentensi iliazima sababu yake kutoka kwenye kalenda. Tarehe ikiondoka, sababu inaondoka nayo, na mteja anabaki na duka linalodai kuwa ana wageni. "Sasa" nalo lilikuwa limejificha pale kati. Lilikuwa na maana kwa sababu ya zile bei mbili. Likibaki peke yake linaonyesha kwamba kuna kitu kilibadilika hivi karibuni, na msomaji wa Agosti atajiuliza ni kipi.

Bei iliyokatwa ni kesi mbaya zaidi. Punguzo lenye mwisho ni punguzo. Punguzo lisilo na mwisho ni bei ya kawaida iliyopambwa, na wateja wa sokoni wanalinusa haraka kuliko sisi. Tumeirudisha seti kwenye 170,000 na hatutaji tena ile bei nyingine popote.

Basi swali likawa: nani ananunua sufuria hapa wakati hakuna sikukuu, na kwa nini? Jibu halipo kwenye maandishi ya tangazo, lipo kwenye vitabu vya risiti. Nimekaa navyo jioni, vya Machi hadi Oktoba.

10 Januari: Risiti zinasemaje

Seti ya tatu karibu haiuzwi nje ya Desemba. Ni zawadi, ni pambo la jikoni la mtu anayetaka wageni waone. Inayotoka mwaka mzima ni sufuria moja kubwa, ya lita 40, na kwenye risiti jina la mnunuzi mara nyingi si la mtu bali la kikundi: kikundi cha akiba cha akina mama, kanisa, msikiti, shule. Wengine ni wauza chakula wa karibu na kituo cha magari. Vikundi vya akiba vinanunua ili wanachama waazimane kukiwa na shughuli.

Kwa hiyo tangazo la mwaka mzima halitauza bidhaa ile ile kwa maneno mengine. Litauza bidhaa nyingine. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayefuata: angalia risiti za miezi mikavu kabla ya kugusa sentensi, maana unaweza kusafisha maandishi vizuri sana ya kitu ambacho hakuna anayekitafuta.

Rasimu ya kwanza ilisema "kwa arusi, msiba au shule". Hajati aliisoma kwa sauti, akanirudishia karatasi.

"Msiba hautangazwi dukani, mwanangu. Utamtumia ujumbe huu mtu aliyezika jana."

Yuko sahihi, na jambo lenyewe ni la hii kazi hasa. Tangazo la msimu linajua mtu yuko katika hali gani: Desemba watu wengi wako kwenye furaha moja. La mwaka mzima halijui. Litamkuta mmoja yuko arusini na mwingine yuko matangani, kwa hiyo haliruhusiwi kubahatisha tukio. Lazima liseme kitu ambacho ni kweli kwa wote wawili. Tulikubaliana na "watu wengi", basi. Anayepikia msiba atajijua.

Tumepima pia, ili tusitoe ahadi ya hewani. Kilo 10 za mchele na maji yake zinaiva ndani ya lita 40 bila kufurika, na nafasi ya kugeuza mwiko inabaki. Mchele haukupotea bure, ulienda kwa vijana wa kupakia mizigo. Gharama: mchele na mkaa.

> Unapikia watu wengi? Sufuria ya lita 40 inapika kilo 10 za mchele kwa mara moja. Ina mfuniko na vishikio 2 vya kubebea. Uliza bei au agiza dukani kwetu, Arua.

Bei haimo, na ni kwa makusudi. Bei ya alumini inapanda na kushuka, na esemesi ikishatoka hairudi. Tumeamua kila kinachoweza kubadilika kikae mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa tovuti, na vingine vyote vielekeze pale au kaunta.

15 Januari: Ule mti ulikuwa unatula pesa

Hili sikulitegemea kwenye mradi wa maneno. Esemesi moja ya herufi za kawaida, zile za mpangilio wa GSM-7, inabeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyomo kwenye mpangilio huo, ujumbe wote unahamia mpangilio wa UCS-2, na hapo kikomo ni 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya 67, na kila kipande kinalipiwa kama esemesi nzima.

Esemesi ya Desemba, ukiihesabu na mti wake, ina nafasi 136, maana emoji ile inahesabiwa mbili. Vipande viwili vinabeba 134. Kwa hiyo ilienda kwa vipande vitatu, kwa sababu ya nafasi mbili, ambazo ni za mti wenyewe. Bila mti ingekuwa herufi 134 za kawaida: kipande kimoja. Kwa bei tunayotozwa, shilingi 35 kwa kipande, na orodha ya namba 2,400, tulilipa 252,000 kwa kazi ya 84,000.

Esemesi mpya ina herufi 158, inaingia kwenye kipande kimoja ikiwa imejibana. Lakini jaribio moja kabla yake lilitaja nyama ya ng'ombe, na mfumo ukaendelea kuhesabu vipande vitatu ingawa hakukuwa na emoji. Kosa lilikuwa kwenye ile alama ya ng'. Programu ya kuandikia iliigeuza yenyewe kutoka `'` iliyonyooka kuwa `’` iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye GSM-7. Dalili ni hiyo: kihesabu kikisema 70 badala ya 160 na huoni emoji, tafuta alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu. Sasa maandishi ya esemesi tunayaandika kwenye kihariri cha kawaida kisichopamba kitu.

20 Januari: Ukurasa wa tovuti

Anwani ya ukurasa ilikuwa `/krismasi-2024`. Kishawishi ni kuifuta. Haiwezekani, kwa sababu msimbo wa QR uliochapwa kwenye stika za mifuko unaelekea hapo, na mifuko hiyo imetapakaa mpaka Ariwara. Tumefungua ukurasa mpya, na wa zamani unamhamishia mgeni kule kwa mstari huu kwenye seva:

```
Redirect 301 /krismasi-2024 /sufuria-kubwa
```

Vichwa, maelezo ya picha na jina la faili la picha vimebadilishwa siku hiyo hiyo. Kilichogoma ni lile onyesho dogo linalotokea mtu akituma kiungo kwa WhatsApp au Facebook: picha ya utepe na kichwa "Ofa ya Krismasi" vikaendelea kujitokeza ingawa ukurasa ulikuwa safi. Sababu mbili. Kwanza, kichwa cha onyesho hakitoki kwenye kichwa kinachosomwa na mgeni. Kinatoka kwenye mstari wa `og:title` ulioko juu ya `html`, nao ulikuwa umesahaulika. Pili, Facebook wanahifadhi nakala ya zamani. Kwenye zana yao ya `Sharing Debugger` unaweka anwani na kubonyeza `Scrape Again`, inasoma upya. Kwa WhatsApp tulitumia kiungo chenye `?v=2` mwishoni, kikaonekana kama kiungo kipya.

Fundi wa tovuti: 60,000.

27 Januari: Redio

Hapa ndipo pesa ilipokwenda. Kwenye karatasi, tangazo la redio lilikuwa jepesi: mistari minne, ibadilishwe miwili. Lakini chini ya sauti kulikuwa na kengele za Krismasi, na studio ilitupa faili moja tu, sauti na muziki vikiwa vimeshachanganywa. Kengele hazitoki tena. Tulijaribu kukata sehemu zenye muziki mdogo tukaunganisha maneno. Ikasikika kama mtu anayeongea huku akirukwa na mtandao.

Tukarekodi upya, 150,000. Mtangazaji alisoma maneno mapya kwa ile ile furaha ya Desemba, akipandisha sauti mwishoni mwa kila sentensi kana kwamba kuna zawadi, na ikabidi arudie kwa utulivu, kama anayemweleza jirani. Msimu unakaa hata kwenye pumzi ya msomaji.

Safari hii tumechukua mafaili mawili: lililochanganywa, na sauti tupu bila muziki. Desemba ikija tutaweka kengele sisi wenyewe chini ya sauti ile ile, na Januari tutazitoa. Ukilipia tangazo la redio popote, dai sauti tupu siku ile ile. Baadaye studio nyingi hufuta.

3 Februari: Jaribio la kubahatisha mwezi

Maandishi yote sasa yanapita kwenye amri ya utafutaji bila kuonekana kitu. Hilo halitoshi, kwa sababu amri inajua maneno tu. Nimeyachapa kwenye karatasi, bila tarehe, nikawapa watu ambao hawakuhusika, na swali moja: hii iliandikwa mwezi gani?

Asiyeweza kujibu ndiye ninayemtaka. Dada wa kaunta alijibu papo hapo: "Januari." Nikamuuliza ameonea wapi. Akaweka kidole kwenye mstari wa ukurasa uliosema "Anza upya na jiko lenye nafasi". Hakuna Krismasi hapo, hakuna mwaka, lakini kuanza upya ni lugha ya Januari. Tumeufuta. Kwenye majibu ya WhatsApp kulikuwa na "Tumerudi! Karibu tena", ambayo inasema duka lilikuwa limefungwa. Nayo imeondoka.

Kijana wa stoo alibahatisha Machi, kwa sababu ya "nunua kabla mvua haijaanza". Mstari huo niliuona wa mwaka mzima kwa kuwa hautaji sikukuu. Siyo. Huku West Nile mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Aprili hivi hadi Novemba. Kusini, Kampala na kwingineko, mvua zinakuja mara mbili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Sentensi moja ingekuwa sahihi kwetu na ya kuchekesha kwa mteja wa Kampala anayeagiza kwa basi. Hali ya hewa ni kalenda nyingine.

Hajati alipendekeza tuweke "shule zinafunguliwa", kwa kuwa muhula wa kwanza unaanza mwezi huu na shule ni wateja wetu. Tumeandika esemesi ya pembeni kwa ajili hiyo, yenye tarehe yake ya kufa kwenye jina la faili. Kwenye maandishi ya mwaka mzima haikuingia.

7 Aprili: Baada ya Ramadhani

Maandishi yamepita Januari, sehemu kubwa ya Kwaresima, mfungo wa Ramadhani na Idd, mwisho wa Machi. Idd inawahi kwa siku kama 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo hata ukipanga msimu wako vizuri, mwezi wenyewe unahama. Esemesi ilitumwa katikati ya Ramadhani na hakuna aliyelalamika kwamba tunazungumzia chakula mchana. Neno "unapikia" halisemi unapika saa ngapi.

Sufuria za lita 40 zinatoka kwa mwendo wa vikundi, mbili tatu kwa wakati, hasa baada ya vikundi kugawana akiba. Sijui ni tangazo au ni mgao, na sitadai.

Tatizo jipya: mteja kutoka Ariwara amekuja na picha ya skrini ya esemesi ya Desemba, iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa kule. Mstari wa "mpaka 31 Des." ulikuwa umekatwa na ukingo wa picha. Alidai seti kwa 145,000, na kwa alivyoiona yeye, alikuwa na haki. Hajati alimuuzia kwa bei hiyo, ya mwisho. Kwa kampeni zijazo, tarehe ya mwisho inaandikwa kabla ya bei, ndani ya sentensi ile ile: "Mpaka 31 Des. seti ni 145,000/=". Anayetaka kuikata tarehe itabidi akate na bei.

Yaliyobaki

Stika za mifuko zenye "Heri ya Krismasi" zimo stoo, kama boksi moja. Kufunika kila moja kwa stika nyeupe ni ghali kuliko kuchapa mpya, kwa hiyo zinasubiri Novemba. Hazina mwaka, tulibahatika hapo. Msimbo wake wa QR bado unaelekea `/krismasi-2024` na kuhamishwa, kwa hiyo ule mstari wa `Redirect` usiguswe na fundi yeyote atakayekuja.

Jumla hadi leo: fundi 60,000, studio 150,000, mchele na mkaa. Esemesi mpya kwa orodha nzima, 84,000 kila tunapotuma.